Kezia Achemsha Maziwa

Mimi nina pua. Wengine Mungu kawapa sauti, wengine kawapa miguu ya mpira, mimi kanipa pua, na kwa pua hiyo nimeendesha mgahawa hapa Kibondo mpaka binti yangu Asia ameolewa na kunizalia wajukuu. Nyama iliyolala vibaya buchani naijua kabla muuzaji hajaishika. Mafuta yaliyochoka kukaangia nayajua nikiwa bado barabarani. Marehemu mume wangu alikuwa akisema serikali imenipoteza, nilifaa kukaa kwenye kizuizi cha njia ya Nyakanazi ninuse malori.

Kwa hiyo nikikwambia kwamba hapa mjini hakukuwa na maziwa mgando ya kuyafikia ya Kezia, usidhani namsifia kwa kuwa ni rafiki. Urafiki ulikuja baadaye. Mgando ndio ulioanza.

Kezia ni mke wa Venanti. Wanakaa kijijini, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mjini, mahali pa migomba na mihogo na maharage yaliyopandwa mpaka ukingoni mwa njia. Wazazi wake walikuja wakikimbia Burundi, yeye akazaliwa huku na uraia wake anao, na Kiswahili chake kinapanda na kushuka kama Kiha cha nyumbani. Ni mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kulia. Kila asubuhi alinishushia ndoo ya mgando mlangoni, nami nilikuwa nafungua kifuniko huku nimefumba macho, kwa raha yangu tu. Ulikuwa mkali lakini hauchomi. Ulikuwa mzito, mweupe, na kwa mbali una harufu ya moshi. Madereva wa malori ya mahindi waliukoroga na sukari, walimu waliumwagia kwenye ugali, na kuna karani mmoja wa halmashauri aliyekuwa akiunywa amesimama, kikombe kizima, halafu anafuta masharubu na kwenda kazini.

Moshi ule ulitoka kwenye kibuyu, na kibuyu kilikuwa cha mama mkwe wake, Bibi Ininahazwe. Sasa huyu bibi ndiye wa kumwelewa, maana bila yeye hakuna hadithi. Ndiye aliyemleta ng'ombe. Kezia alipojifungua mtoto wa kwanza, bibi alikwenda kwa kaka yake Nsabimana huko Kasanda, akarudi na mtamba mwekundu aitwaye Bihogo, akamfunga nyuma ya nyumba ya mwanawe na kusema, "Mjukuu wangu hatakunywa maziwa ya kuomba." Kwa watu wale, aliyetoa ng'ombe anabaki na neno lake juu yake. Ng'ombe anakaa kwako, unamlisha, unakunywa maziwa yake, lakini siku mwenyewe akiona humtunzi inavyopasa, kamba inakatika na ng'ombe anarudi kwao.

Maziwa yalikamuliwa, yakamiminwa mabichi kwenye kibuyu, kibuyu kikafungwa na kulazwa kwenye kona yake karibu na jiko. Ukiamka, yameganda. Kibuyu hakikuoshwa kikakauka hata siku moja. Kilikuwa kikimwagwa na kubakizwa kidogo chini, kisha maziwa mapya juu yake, hivyo hivyo toka bibi akiwa bado bi harusi. Kezia hakuwahi kujiuliza ni kitu gani kinachogandisha, kama mimi nisivyojiuliza kwa nini simu inaita.

Ndipo Venanti akaanza kuumwa. Homa ilikuja jioni, ikamlowesha shuka kwa jasho, asubuhi ikaondoka ikamwacha anatambaa kwa maumivu ya viungo. Walimpa dawa za malaria, homa ikarudi. Wakampa tena, ikarudi tena. Mwanaume aliyekuwa anabeba gunia la maharage peke yake akawa anashika ukuta akienda chooni. Nilimwona siku Kezia alipompitisha mgahawani wakielekea hospitali, nikaingia jikoni kwa kisingizio cha chai ili wasinione machozi.

Hospitali walimpima damu, na daktari akamuuliza kitu ambacho hawakukitegemea: "Maziwa mnakunywa mabichi?"

"Tunakunywa mgando," Kezia akajibu.

"Mgando wa maziwa mabichi?"

"Ego. Ndiyo. Kuna mwingine?"

Daktari akawaeleza kwamba ipo homa inayotoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, inapita kwenye maziwa, na maziwa kuganda na kuwa makali hakutoshi kuiua. Kinachoiua ni moto. Venanti akaandikiwa dawa za wiki nyingi na kuonywa asiziache njiani hata akijisikia mzima. Afisa mifugo akaja kijijini, akatoa damu ya Bihogo, na majibu yakaonyesha ng'ombe ni salama. Lakini Venanti alikuwa amekunywa maziwa kwenye kila zizi toka utotoni, na hakuna aliyeweza kusema ni lipi lililompa. Afisa mifugo naye akasema yale yale: salama wa leo siyo salama wa kesho, chemsheni.

Kezia akaenda nyumbani kuchemsha. Ungemwambia ale udongo ili Venanti apone, angekula udongo.

Bibi Ininahazwe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama mlangoni mwa jiko akaangalia maziwa yanavyopanda kwenye sufuria, akashika kichwa. Kwao, maziwa hayapikwi. Ukiyapika, ng'ombe aliyeyatoa ananyauka kiwele, na ukimwuliza kwa nini, atakutazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mtu hamkanyagi mama yake. Alimpenda Venanti kuliko macho yake, kwa hiyo akanyamaza kwa muda. Alisema jambo moja tu: "Hayo usiyatie kwenye kibuyu changu."

Na Kezia, kwa heshima, hakuyatia. Alinunua ndoo mpya ya plastiki, akaisugua kwa sabuni mpaka inalia, akaisuuza kwa maji ya moto, akamimina maziwa yaliyochemshwa yakiwa yamepoa, akafunika, akaweka kwenye kona ile ile karibu na jiko. Halafu akafanya kama alivyofanya siku zote, yaani hakufanya kitu. Akasubiri yagande.

Asubuhi yalikuwa maziwa vile vile. Kesho yake yalikuwa bado maziwa, hata dalili ya kuchachuka hayana. Aliposubiri zaidi, yakaganda. Akafurahi, akaniletea.

Nakumbuka mgahawa ulikuwa umejaa. Dadi, dereva wa lori la mahindi, mtu wa maneno mengi, alikuwa amekaa karibu na mlango akingoja mgando wake. Kezia akashusha ndoo, mimi nikafungua kifuniko nimefumba macho kama kawaida yangu.

Nikafumbua macho haraka sana.

Kwa kutazama ungesema ni mgando. Mweupe, umeshikana. Lakini maji yake yalikuwa ya manjano na yamejitenga, na juu kulikuwa na viputo vidogo, kama kitu kinapumua humo chini. Nilipochota kwa kijiko, ulivutika kama uji wa bamia. Harufu yake ndiyo usiniulize. Uchachu mzuri unakuingia puani moja kwa moja na mate yanakujaa mdomoni kabla hujaonja, mwili wenyewe unasema lete. Ule ulinifunga koo. Ulikuwa na harufu ya kitambaa cha kufutia meza kilichosahauliwa kimelowa.

"Mama Asia, vipi, nipakulie," akasema Dadi.

"Huu hautoki hapa."

"Mgando si mgando tu! Kwani mgando nao unaharibika? Si tayari umeshaharibika?"

Watu wakacheka. Kezia akacheka nao kidogo, akinitazama. Nami nina hasira za karibu, kila mtu Kibondo anajua, nikamgeukia Dadi.

"Wewe Dadi, nyama iliyokaushwa na nyama iliyooza ni kitu kimoja?"

"Siyo."

"Basi nyamaza. Mgando ni maziwa yaliyopelekwa mahali na mtu. Haya yamekwenda yenyewe, na hayakwenda kuzuri."

Dadi, kwa ubishi wake, akachovya kidole na kukiweka mdomoni kabla sijamzuia. Uso wake ukakunjamana. "Eh," akasema. "Siyo mkali kabisa. Mchungu." Akatoka nje kutema.

Hapo ndipo nilipopata kitu cha kufikiria, ingawa sikujua nikiweke wapi. Mgando ule haukuwa umezidi ukali, kama unavyozidi ukikaa sana. Ulikuwa hauna ukali wowote. Umeganda bila kuchachuka. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nikaumwaga mwenyewe kwenye shimo nyuma ya mgahawa, Kezia akiwa amesimama pale analia kimya kimya, na watu wote wameona.

Akajaribu tena. Akasugua ndoo zaidi, akachemsha zaidi. Na kadiri alivyosafisha na kuchemsha ndivyo yalivyozidi kuwa mabaya, jambo lililokuwa linamtia wazimu, maana yeye alidhani tatizo ni uchafu. Mara hii hakuniletea. Bibi Ininahazwe ndiye aliyefunua ndoo. Akanusa, akarudisha kifuniko polepole, na kunyamaza kwake kukaisha.

"Nilisema," akamwambia Kezia. "Maziwa mabichi yanachachuka kwa sababu yako hai. Haya umeyaua. Maiti haichachuki, inaoza. Na ng'ombe atafuata. Jumapili Nsabimana atakuja kumchukua Bihogo."

Kezia alikuja mgahawani jioni hiyo na kitenge kimefungwa upande. Akaniambia yote, akikatiza na kwikwi. Bila Bihogo hakuna mgando, bila mgando hakuna ada ya watoto wala nauli ya Venanti kwenda kuchukua dawa. "Na nikirudi kwenye mabichi, Mama Asia, ninamnywesha mume wangu ugonjwa kwa mkono wangu. Nifanye nini? Mabukwe wangu anasema kweli. Nimeona kwa macho. Yaliyopikwa yanaoza."

Mabukwe ndiyo mama mkwe kwa lugha yao. Hata katikati ya ugomvi hakumwita jina lingine.

Nilimhurumia, na pia nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nikamwambia, "Kaka yangu Mudathiri ana duka la maziwa Kasulu. Anauza mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, nimeula mimi na sijafa. Kesho tunakwenda."

Tukaenda. Njia sasa ni lami, ukilala kidogo umefika. Mudathiri ni kaka yangu wa tumbo moja lakini amechukua majivuno yote ya ukoo peke yake. Ana kaunta ya vigae, ana friji mbili, ana aproni. Akatukaribisha kwa vikombe vya mtindi, akasimama kutuangalia tunavyokunywa ili tusifie. Ulikuwa mzuri, sikumwambia.

Kezia alikunywa kidogo, akaushikilia mdomoni kwa muda, akameza. "Haya yamechemshwa?"

"Mpaka yakapanda, dada, na yakaendelea kuchemka baada ya hapo."

"Mbona yamekuwa makali?"

"Wewe yako ulichachusha na nini?"

Kezia akamtazama bila kuelewa. "Na nini? Maziwa yanachachuka yenyewe."

Mudathiri akacheka kwa sauti, nami nikamkanyaga mguu chini ya kaunta. Akaacha kucheka na kuvuta stuli. Sifa moja anayo, akianza kueleza anaeleza.

"Hayachachuki yenyewe, dada. Kuna vidudu, vidogo huvioni, ndivyo vinavyofanya kazi ya uchachu. Vimo kwenye maziwa mabichi na vimejaa kwenye kibuyu cha huyo mama mkwe wako, ndiyo maana hamjawahi kuvitafuta. Vikifanya kazi haraka, maziwa yanakuwa makali, na kwenye ukali ule waharibifu wengi hawawezi kukaa. Wewe ukachemsha. Ukaua ugonjwa, vizuri. Lakini umewaua na wafanyakazi. Halafu ukatia kwenye ndoo mpya isiyo na mfanyakazi hata mmoja, ukangoja kazi ifanyike. Kuna waharibifu wengine wana ganda gumu, moto wa jikoni hauwamalizi. Hao wakaamka wakakuta nyumba tupu. Wakafanya yao."

"Ndiyo maana hayakuwa makali," nikasema. "Yalikuwa machungu."

"Ndiyo. Wale hawatengenezi ukali. Wanameng'enya maziwa tu na kuyaozesha."

Kezia alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Niliona jambo likimwingia. "Kwa hiyo mabukwe alisema kweli," akasema taratibu. "Niliyaua."

"Uliyaua. Sasa unayafufua. Unatia mbegu." Akachota mtindi wake kwenye chupa safi. "Huu ni mbegu. Maziwa yako yakishachemka na kupoa, changanya vijiko vichache, funika, usiyasumbue."

"Si nichukue kwenye kibuyu chetu? Mabukwe atafurahi. Ladha itakuwa ya kwetu."

Hapo Mudathiri akawa mkali kweli. "Usithubutu. Hicho kibuyu kina miaka ya maziwa mabichi. Kijiko kimoja cha humo na umerudisha kwenye sufuria ugonjwa uliotoka kuufukuza. Mbegu ya maziwa yaliyochemshwa itoke kwenye maziwa yaliyochemshwa. Ukishapata mgando wako wa kwanza mzuri, bakiza wako mwenyewe. Ukiona siku moja umebadilika harufu, au unavutika, au una viputo, mwaga wote, uje kwangu uchukue mwingine. Wala usionje ili kuhakikisha."

"Yapoe kiasi gani?"

"Yawe ya uvuguvugu. Yakiwa ya moto utaua mbegu. Yakiwa baridi mbegu italala, na waharibifu watatangulia."

Kezia akafikiri, akasema, "Kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga."

Mudathiri alikuwa na kipimajoto chake cha kioo mfukoni mwa aproni, alikuwa ameanza hata kukitoa. Akakirudisha. "Kama hayo hayo," akasema.

Njia nzima ya kurudi Kezia aliipakata chupa ile, kaifunga kwa kitenge, na kila gari lilipoyumba aliitazama. Nilitamani kumtania, nikashindwa. Jumapili ilikuwa karibu sana.

Wala hakumficha bibi kitu. Hilo nataka ulijue, maana mimi ningemficha. Ningetengeneza mgando mzuri, ningempa anywe, halafu ndiyo nimwambie. Nilimshauri hivyo kabisa. Kezia akatikisa kichwa. "Oya, hapana, Mama Asia. Nikimdanganya kwenye maziwa, hatakunywa kwangu tena mpaka afe." Akaenda sokoni akanunua kibuyu kipya, akakisafisha kwa maji yanayochemka mara kadhaa, akakifukiza moshi kama bibi alivyomfundisha alipoolewa. Akachemsha maziwa mbele ya bibi. Akaweka sufuria kwenye beseni la maji, akawa anadondosha tone kwenye kifundo cha mkono wake, anasubiri, anadondosha tena. Akatia mbegu, akafunga, akakiviringisha kibuyu kwenye blanketi la mtoto, kwa sababu usiku wa kule kijijini una baridi. Bibi aliyaona yote akiwa amekaa kwenye kigoda.

Jumapili nilifunga mgahawa. Sijawahi kufunga mgahawa isipokuwa Idi na msiba. Nikapanda bodaboda, nikafika wao wakiwa wametoka kanisani. Nsabimana alikuwa ameshafika kutoka Kasanda, mzee mpole mwenye koti kubwa kuliko yeye, ana kamba mpya mkononi na hajui aitazame wapi. Venanti alikuwa ameketi kwenye mkeka ukutani. Alikuwa amepata nafuu, mashavu yameanza kurudi, lakini toka siku ya daktari hakuwa amegusa maziwa. Alisema yaliyochemshwa yananuka na mabichi yanamwogopesha. Mwanaume wa Kiha asiyekunywa maziwa, ukimtazama unaona kama kuna kitu kimevunjwa ndani yake.

"Kabla hujamfungua," Kezia akamwambia Nsabimana, "naomba mabukwe anuse."

Akaleta kibuyu, akapiga magoti mbele ya bibi, akakifungua. "Haya yamepikwa, mabukwe. Uliniona. Nimeyatia mbegu kutoka Kasulu. Ukisema yameoza, nitamfungua Bihogo mwenyewe nimkabidhi."

Nilitaka kukichukua ninuse mimi. Mkono ulikuwa umeshanyooka. Nikaurudisha, maana ile haikuwa kazi ya pua yangu.

Bibi Ininahazwe akainamia kibuyu. Alinusa muda mrefu, akainua uso, akanusa tena. Akamimina kidogo kwenye kiganja, akakiinamisha kiganja huku na huku, mgando ukakatika vizuri bila kuvutika. Akaonja. Nilimwona akimeza mate baada ya kumeza mgando, nami nikajua. Mwili hausemi uongo kwenye jambo lile.

Lakini hakusema ni mzuri. Alisema, "Nsabimana, nenda ukamkamue."

"Nimkamue? Saa hizi?"

"Wiki zote hizi maziwa yake yamekuwa yakipikwa. Kama kiwele kimenyauka, mchukue. Nenda."

Mzee akaweka kamba chini, akaenda nyuma ya nyumba. Kezia alikuwa bado amepiga magoti. Halafu tukasikia maziwa yanavyopiga chombo, kwanza kwa mlio mkavu, kisha kwa mlio mzito, na yakaendelea, na yakaendelea. Nsabimana akarudi na chombo kina povu mpaka ukingoni, akamwonyesha dada yake na kucheka kama mtu aliyeondolewa mzigo begani.

Bibi akatazama chombo. Akamtazama Kezia, na midomo yake ikacheza kidogo kabla ya kusema. "Mama yangu aliniambia kiwele kinanyauka. Mama yake alimwambia. Sikuwahi kujaribu."

"Ningeogopa pia," Kezia akasema.

"Uliogopa. Nilikuona unaogopa, na ukapika." Akaguna. "Ladha siyo ya kwetu. Ni mgeni huyu. Lakini hakuoza."

Akaomba kikombe. Nikadhani ni cha Nsabimana, maana ndiye mgeni na ndiye mkubwa. Bibi akakijaza mwenyewe kutoka kwenye kibuyu cha Kezia, akasimama kwa shida ya magoti yake, akapita mbele ya kaka yake, akapita mbele yangu, akaenda hadi kwenye mkeka ukutani. Akakiweka kikombe kwenye mikono ya mwanawe na kuishikilia mikono hiyo isije ikatetemeka.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Mke wako ameyatengeneza."

Venanti akanywa mpaka mwisho.